Ukinaswa na mkondo, usianze kuogelea

Karibu kila mtu anayefundisha usalama wa majini husema hivi: ukichukuliwa na mkondo unaovuta kwenda nje, ogelea sambamba na ufuo. Siupingi ushauri huo, ila naona unaanza na hatua ya pili. Mtu aliyekwisha kuchoka hawezi kuogelea sambamba na chochote. Kwanza anahitaji pumzi.

Mawimbi yanapovunjika pwani huleta maji mengi, na maji hayo lazima yarudi. Hupita kwenye njia nyepesi, mara nyingi mfereji uliochimbika kati ya mafungu mawili ya mchanga, yakatoka kwa nguvu kuelekea kilindini. Kwa kuwa mfereji una kina kirefu, mawimbi hayavunjiki sana juu yake. Ndiyo maana ukisimama mahali palipoinuka utaona povu jeupe kushoto, povu jeupe kulia, na katikati pengo la maji meusimeusi yaliyotulia. Hapo ndipo mkondo ulipo, na kwa bahati mbaya ndipo panapovutia wasioijua bahari. Kama huna hakika, tazama kwa dakika chache: mapovu, mwani au mchanga uliotibuka ukielekea nje wakati mawimbi yanaingia ndani, usiingie hapo.

Mkondo huu haukuvuti chini, unakupeleka mbali tu. Kinachomzamisha mtu ni kushindana nao. Chukua mkondo unaokwenda mita 1 kwa sekunde (mingi huwa na kasi ndogo kuliko hiyo, mikali hupita mita 2) na mwogeleaji aliyechoka anayemudu nusu mita kwa sekunde. Akielekea ufuoni kwa dakika nzima, atakuwa amesukumwa mita 30 nje zaidi na nguvu zimemwisha. Akikata upande, na mkondo una upana wa mita 20 naye yuko katikati, anahitaji mita 10 tu. Hizo ni sekunde 20, na katika muda huo amepelekwa nje mita 20. Kisha yuko huru.

Lakini sekunde hizo 20 zinahitaji pumzi. Kwa hiyo lala chali, rudisha kichwa nyuma mpaka masikio yaingie majini, tumbo juu, viganja vikipapasa maji polepole. Miguu ikizama kidogo, iache. Vuta pumzi wimbi likishapita. Kama kuna waokoaji au watu ufuoni, inua mkono mmoja na upige kelele. Ukiwa umeelea, chagua alama nchi kavu, mti au jengo, uone maji yanakupeleka wapi.

Alama hiyo ina kazi kubwa. Jamie MacMahan na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, waliachia majini vielea vyenye vipimo vya setilaiti. Vingi havikwenda baharini moja kwa moja, vilizunguka na kurudi kwenye eneo la mawimbi. Maana yake ni kwamba ukikata upande usiofaa unaweza kukutana na maji yanayokurudisha mkondoni. Ukiona husogei, geukia upande wa pili. Daima elekea kwenye povu, kwa sababu mawimbi yanapovunjika pana fungu la mchanga, na mawimbi yenyewe yatakusukuma ufuoni. Nisingependa mtu aelewe kwamba kuelea kunatosha siku zote: mikondo mingine hutoka kabisa nje ya mawimbi kabla ya kulegea, na inayopita kando ya miamba au gati hukutaka uogelee kwenda mbali na miamba au gati hiyo.

Mtoni, kuelea namna hiyohiyo bila kubadilisha chochote ni hatari. Huko maji hayachoki wala hayarudi, na njiani kuna mawe. Lala chali, miguu ikitangulia kule maji yanakokwenda, vidole vya miguu vikionekana juu ya maji, ili jiwe likutane na nyayo na si kichwa. Usijaribu kusimama maji yakiwa yamepita magoti na yanakwenda kasi: mguu ukinasa kati ya mawe, maji yatakuinamisha kifudifudi na kukushikilia hapo. Elekeza kichwa kwenye ukingo unaoutaka, kwa mshazari dhidi ya maji, upige mikono kinyumenyume. Mto unapopinda, chagua ukingo wa ndani, kwenye maji mafupi na ya polepole. Ukingo wa nje ndiko kasi iliko, na mara nyingi umechimbwa chini.

Jambo moja tu linakulazimisha kuacha kulala chali, nalo ni mti ulioanguka mtoni. Maji hupita katikati ya matawi, mtu hapiti. Ukiuona, jitahidi kuukwepa ukiwa bado mbali. Ikishindikana, geuka kifudifudi, kichwa mbele, ogelea kwa nguvu zote ulizotunza kuuelekea, kisha jirushe juu ya shina kabla maji hayajakuingiza chini yake.