Huku jimbo linahesabiwa, kwetu linaombwa

Kila ukikaribia uchaguzi, shemeji yangu wa Makorora hunitumia sauti ndefu za watsapu. Mwaka 2025 alikuja na moja: "Shemeji, sisi Tanga hatuzai? Dar wameongezewa majimbo, Geita wameongezewa, sisi tumebaki vilevile." Alikuwa anazungumzia tangazo la Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi la Mei 2025. Majimbo mapya yalikuwa nane: Kivule, Chamazi, Mtumba, Uyole, Bariadi Mjini, Katoro, Chato Kusini na Itwangi. Jumla ya nchi ikafika 272, yaani 222 ya Bara na 50 ya Zanzibar. Mkoa wa Tanga haumo kwenye ile orodha mpya.

Naishi Scarborough, upande wa mashariki wa jiji la Toronto, na hapa nako walikuwa wametoka kugawa majimbo upya baada ya sensa yao ya 2021. Nimefuatilia huku na huko, na nimefikia maoni ambayo shemeji hayapendi: Tanga haikunyimwa kitu kwa chuki. Kasoro iko kwenye utaratibu wenyewe.

Nianze na huku. Kanada sensa ikishatoka, kazi inaanza yenyewe, hakuna anayeomba. Kila mkoa unaundiwa kamati ya watu watatu, mwenyekiti akiwa jaji. Kwanza mkoa unaambiwa una viti vingapi. Ontario, mkoa wangu, ulipata 122. Kisha kamati inachukua idadi ya watu waliohesabiwa, 14,223,942, inaigawa kwa 122, inapata 116,590. Hiyo ndiyo kiasi cha jimbo moja. Sheria inaruhusu jimbo lizidi au lipungue kwa asilimia 25, kwa hiyo linaweza kuanzia watu 87,000 na ushei hadi 145,000 na ushei. Nje ya hapo kamati itaje sababu isiyo ya kawaida, na kweli ziko sehemu za kaskazini, zenye vijiji vilivyotawanyika, zilizoruhusiwa kuwa chini ya kiwango.

Sasa tazama kilichotokea Toronto. Jiji lilikuwa na viti 25. Sensa ikaonyesha watu 2,794,356. Gawa kwa 116,590, unapata 23.97. Viti 24, basi. Jiji halikupungua watu, liliongezeka kidogo, ila miji ya jirani iliongezeka haraka zaidi, na hesabu hii ni ya kulinganisha. Ramani ya kwanza ilitaka kukifuta kiti kimoja hapa hapa Scarborough. Watu wakaenda kwenye vikao vya wazi wakapinga, wenye misikiti, wenye makanisa, wapangaji wa maghorofa. Kamati ikarudi mezani, na ramani ya mwisho ikalifuta jimbo la Don Valley East, vipande vyake vikagawiwa majirani. Mbunge aliyekuwepo ikabidi akagombee kwingine. Naye alikuwa wa chama kinachotawala! Wabunge wanaruhusiwa kupeleka pingamizi zao, lakini neno la mwisho ni la kamati, wala waziri mkuu hana sahihi ya kuweka pale.

Nyumbani Katiba, ibara ya 75, inasema majimbo yatagawanywa na Tume baada ya kupata kibali cha Rais. Inataka Tume izingatie idadi ya watu, upatikanaji wa mawasiliano na hali ya kijiografia, na iuchunguze mgawanyo angalau kila baada ya miaka kumi. Inaitaja pia sensa kama sababu ya kubadili. Hadi hapo sina ugomvi. Ila kwa vitendo, mchakato wa 2025 ulianza kwa maombi. Tume ilifungua dirisha la mwezi mmoja hivi, mwisho wa Februari hadi mwisho wa Machi. Ombi linapitia halmashauri, linajadiliwa kikao cha ushauri cha wilaya, linapanda kile cha mkoa, ndipo linafika Tume. Halmashauri isiyo na watu wa kulisukuma inabaki ilivyo, hata kama sensa inapiga kelele.

Vigezo vyenyewe vilikuwa vingi. Kile kilichozungumzwa sana ni idadi ya watu: jimbo la mjini 600,000, la kijijini 400,000. Lakini humo mna pia kwamba jimbo lisiwe ndani ya halmashauri mbili, kata isikatwe vipande viwili, na, hiki hunichekesha kila nikikisoma, uwezo wa ukumbi wa Bunge. Yaani viti vya Dodoma vikijaa, watu wa Kivule wangesubiri fundi seremala. Nakubali kuna mantiki ya gharama, maana kila jimbo ni mshahara, gari na ofisi, na idadi ya viti maalum inahesabiwa humo humo. Basi waseme gharama.

Kwa kipimo hicho, shemeji, Tanga Mjini haikufika. Sensa ya 2012 ilikuta watu wapatao 273,000, ya 2022 ikakuta zaidi ya 393,000. Ni ongezeko kubwa, lakini 600,000 bado ni mbali. Mbagala na Ukonga, zilikomegwa Chamazi na Kivule, zilikuwa zimefurika, na wamefurika pamoja na watoto wetu wa Tanga. Nusu ya niliosoma nao wako Gongo la Mboto na Mbagala Rangi Tatu. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022 walilala huko, wakahesabiwa huko. Mwanao akienda Dar kutafuta maisha, anabeba na sehemu ya kiti chako cha ubunge.

Kinachonikera ni hiki: kigezo cha 600,000 kinasema jimbo likue kiasi gani ndipo ligawanywe, lakini hakisemi jimbo dogo liwe dogo kiasi gani. Pangani ina watu kama 75,000 na ina mbunge mmoja. Tanga Mjini ina mara tano ya hao, mbunge mmoja. Kipimo ni cha juu tu, cha chini hakipo.

Nilikaa siku ya theluji nikajaribu kuupima mkoa wa Tanga kwa kanuni ya Ontario. Watu 2,615,597, majimbo 12, wastani karibu 218,000. Ukiruhusu asilimia 25 juu na chini, jimbo liwe kati ya 163,000 na 272,000. Tanga Mjini imepasua dari, Pangani imo shimoni. Haya, tuiongezee Pangani watu. Inahitaji kama 88,000. Ukiwatoa wote Muheza, yenye kama 238,000, Muheza inabaki na 150,000, nayo inaanguka chini ya kiwango. Ukisema basi Pangani na Muheza ziwe jimbo moja, unapata 313,000, umevuka juu. Njia inayobaki ni kukata kata za kusini mwa jiji, za upande wa Kirare na Tongoni, ambazo tayari ziko kwenye barabara ya Pangani, uzitie Pangani, kisha uchukue sehemu tu ya Muheza. Lakini kata zile hazina watu wengi kiasi hicho, na jiji lenyewe bado litabaki limejaa, kwa hiyo utaligawa sehemu mbili, na ukiligawa umeongeza jimbo la 13 na wastani wote umebadilika. Unaanza upya. Kazi ya kuchora mipaka ndivyo ilivyo: hakuna mstari unaosogea peke yake.

Na hapo sheria yetu inakukatalia hatua ya kwanza kabisa, kwa sababu mwenyeji wa Tongoni yuko Halmashauri ya Jiji na wa Pangani yuko halmashauri nyingine. Huku mstari hupita popote penye haja, hata katikati ya manispaa. Kwetu mpaka wa jimbo umefungwa kamba na mpaka wa halmashauri, na halmashauri zinachorwa na Serikali kwa sababu zake nyingine. Atakayeigawa wilaya ndiye ametangulia kuligawa jimbo.

Hata hivyo simtaki mtu aje aifute Pangani kwa kalkuleta. Mbunge wa pale ana watu wa Kipumbwi na Mkwaja ng'ambo ya mto, na kivuko cha Bweni kikigoma anawaona mchana kweupe asiwafikie. Katiba haikutaja mawasiliano na jiografia bure. Mahakama ya juu kabisa ya huku nayo, mwaka 1991, ilisema kinachotakiwa ni uwakilishi unaofanya kazi, si usawa mtupu wa namba.

Wala Wakanada wasijitie malaika. Kisiwa cha Prince Edward kina watu 154,331 na viti vinne, yaani kiti kimoja kwa watu 38,600 hivi, kwa sababu tangu 1915 Katiba inasema mkoa hauwezi kuwa na wabunge pungufu ya maseneta wake. Zanzibar, kwa sensa ya 2022, ina watu 1,889,773 kwa majimbo 50, ambayo ni karibu 37,800 kwa kiti. Namba zinakaribiana mpaka unashangaa. Prince Edward inalindwa na Katiba, Zanzibar inabebwa na nafasi yake kwenye Muungano, na mtu wa Bara anayelalamika kwamba kwao jimbo lina wastani wa 270,000 akumbuke kuwa hiyo ni bei ya Muungano. Quebec nayo ilikuwa ipoteze kiti kimoja baada ya hesabu ya 2021, Bunge likapitisha sheria mwaka 2022 kisipotee. Siasa ipo kila mahali. Tofauti ni kwamba ile ya huku imeandikwa kwenye sheria, unaisoma na kuitukana ukitaka.

Mimi mwenyewe nimo kwenye zile 116,590. Sensa yao inahesabu wakazi, si wapiga kura, hivyo mimi mwenye kibali tu cha ukaazi nimesaidia kumpatia mbunge kiti ambacho siwezi kumpigia kura. Na Tanga, ambako ningeweza kupiga, sikuhesabiwa, wala mtu aliye nje hapigi kura akiwa huku. Shemeji hili alilifurahia kuliko hesabu zote.

Nilichomshauri ni wasisubiri dirisha lifunguliwe. Tanga Mjini ikiongezeka kama ilivyoongezeka kati ya 2012 na 2022, sensa ya 2032 itaikuta na watu kama 566,000, na kigezo kisipobadilika watakuwa wamepungukiwa 34,000. Kwa hiyo madiwani wakienda kwenye vikao vya ushauri waache kudai jimbo la pili. Wadai kikomo cha chini na cha juu kiandikwe kwenye sheria kabla ya sensa, wakati hakuna anayejua kitamwangukia nani.