Acha kuhesabu iliyokwenda, hesabu iliyobaki

Kwenye vikao vya mradi unaosuasua kuna sentensi lazima itoke: "tumeshaweka hela nyingi mno, tukiacha sasa ni hasara." Ikishatoka hiyo basi, watu wananyamaza kana kwamba hesabu imefungwa. Mimi nasema hiyo sentensi haina kazi kabisa kwenye uamuzi, hela iliyokwenda imekwenda, uendelee usiendelee hairudi.

Chukua mradi wa mfumo wa kompyuta uliokwishakula milioni 80. Timu inasema bado 30 umalizike, na ukimalizika utaingiza 45. Ukisimama leo, ukauza vifaa na ukalipa fidia za mikataba, mkononi unabaki na 5. Kuendelea ni 45 toa 30, yaani 15, kusimama ni 5, kwa hiyo endelea. Ndiyo, kwa jumla umeshapata hasara kubwa, ila ukiacha hapo unaiongeza, na hili wengi hawalioni, wanadhani kutojali hela ya nyuma ni kufunga kila mradi unaoyumba.

Kinachoniudhi ni kwamba watu wanagombania ile 80 wakati namba ya kugombania ni ile 30. Fungua ripoti za nyuma uangalie. Kama miezi mitatu iliyopita waliandika bado 30, halafu katikati zikatumika 20, na leo wanakwambia bado 30 ileile, hayo siyo makadirio tena, ni matumaini. Weka 50, ambayo kwa mwendo huo wala siyo kuwaonea, uone kuendelea kunakuwa hasi 5 na kusimama kunabaki 5. Uamuzi umegeuka na ile 80 hatujaigusa.

Na nani apige hiyo hesabu? Siyo aliyeuanzisha mradi. Kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 1976, mtafiti wa tabia za watu kazini Barry Staw aliwapa wanafunzi wa biashara zoezi la kugawa pesa za kampuni, na wale ambao idara waliyoichagua wenyewe ilifanya vibaya ndio waliozidi kuimwagia pesa, kuliko waliokuta imechaguliwa na mtu mwingine. Ukichagua mwenyewe unataka uonekane ulikuwa sahihi, ni ubinadamu tu, ndiyo maana mimi nataka makadirio ya kilichobaki yafanywe na mtu wa nje ya timu.

Vigezo viandikwe siku ya kwanza, kabla mtu hajaupenda mradi: ikifika tarehe fulani kama watumiaji wanaolipa hawajafika idadi fulani, au gharama iliyobaki haijapungua kwa ripoti mbili mfululizo, tunasimama, na jina la mwenye kauli ya mwisho liwepo. Siku ikifika lazima atatokea mtu wa kuomba muda, sawa, apewe nafasi aongee, ila alete kitu kipya kuhusu mbele, mfano mteja aliyesaini au kazi iliyokuwa imekwama na sasa inafanya kazi. Akianza kutaja jinsi watu walivyojitolea na kiasi kilichokwishatumika, kikao kifungwe na barua ya kusimamisha itoke siku hiyohiyo.