Meseji ya asante kwa mteja wa kwanza: achana na orodha ya huduma, mwambie ulichokiona kwenye bidhaa yake

Nina msimamo mmoja kuhusu meseji ya asante unayomtumia mteja wako wa kwanza kukulipa, na najua wapo watakaonipinga. Usiweke ndani yake orodha ya huduma zako, hata kidogo. Kama unataka akupe kazi nyingine, mwambie kitu kimoja tu ulichokiona kwenye bidhaa yake wakati unafanya hii kazi aliyokulipa, kitu ambacho kitamsaidia hata akiamua kwenda kwa mtu mwingine, halafu nyamaza.

Mdogo wangu ameanza kudizaini lebo za bidhaa hapa Dar na mteja wake wa kwanza wa kumlipa alikuwa mama mmoja anayesaga viungo vya pilau nyumbani kwake, anavifungasha, anauza maduka ya mtaani na kwa oda za Wasapu. Walikubaliana 120,000, nusu advansi nusu kazi ikiisha, lebo moja ya kuzungushia kopo la gramu 100. Kazi ikaisha, hela ya mwisho ikaingia kwa M-Pesa, dogo kwa furaha akaandika meseji na kabla hajaituma akaniletea niipitie. Ilikuwa hivi:

"Ndugu mteja, tunakushukuru kwa kuchagua huduma zetu. Pia tunatengeneza logo, mabango, kadi za biashara, tisheti na vipeperushi. Kwa sasa tuna ofa ya asilimia 20 kwa kazi yako ijayo! Tafadhali tupe maoni yako na utuunganishe na marafiki zako. Karibu tena."

Kwa haraka haraka unaweza kusema mbona iko poa tu. Haiko poa. Huyu mama ni mtu wa makamo, wiki nzima wamekuwa wakiongea yeye anaitwa "mama" na dogo anaitwa "mwanangu", shikamoo marahaba kila asubuhi, leo amemaliza kulipa ghafla anakuwa "ndugu mteja" kama anaandikiwa na kampuni ya simu vocha ikikaribia kuisha. Na hao "sisi" ni kina nani wakati anajua kabisa kijana yuko peke yake na laptopu yake? Anayesoma pale anajisikia kama kashushwa kwenye foleni ya watu asiowajua.

Ofa ndiyo mbaya zaidi. Mtu kalipa 120,000 jana bila kupunguziwa, leo unamwambia kuna asilimia 20 ya kupunguza, hesabu ya kwanza inayomjia kichwani ni 24,000 ambayo ingebaki mfukoni mwake kama angesubiri siku moja. Na kuanzia hapo bei yako kwake sio 120,000 tena, ni 96,000, na hata hiyo ataomba ishuke. Umeishusha mwenyewe wala hajakuomba.

Halafu angalia maombi yaliyopo: nipe kazi, nipe maoni, nipe marafiki zako. Matatu kwenye meseji inayojiita ya asante. Mtu akiombwa vitu vitatu kwa mpigo mara nyingi hafanyi hata kimoja, anaweka emoji ya mikono miwili anaendelea na viungo vyake.

Kabla ya maneno yenyewe kuna suala la muda, na hapa ndio naona watu wengi wanaharibu. Hela ikiingia jibu palepale, mstari mmoja: "Imefika mama, nashukuru sana." Hiyo ni kumtoa wasiwasi tu kwamba hela haijapotelea njiani. Ile asante yenyewe, yenye mlango wa kazi nyingine ndani yake, isubiri mpaka lebo ziwe zimetoka kuprintiwa na yeye ameziona kwenye kopo. Kwa wewe kazi imeisha ulipotuma faili, ila kwa yeye inaisha akishika kopo lenye lebo mkononi. Katikati hapo mambo mengi yanaweza kutokea. Nyekundu iliyokuwa inawaka kwenye kioo cha simu ikiingia kwenye karatasi inapoa, kwa sababu kioo kinatoa mwanga na wino hautoi, na rangi za kuprinti ni nne tu zinachanganywa. Mtu wa kuprinti anaweza kukata karibu mno kama hukumwachia zile milimita 3 za ziada pembeni. Au mama alituma lebo kwa mtu wa kuprinti kama picha ya kawaida badala ya kuituma kama Document, Wasapu ikaibana, maandishi yakatoka na ukungu. Sasa kama ulishamtumia matangazo ya huduma zako wakati yeye anahangaika na hayo, jibu utakalopata ni malalamiko, na kwa haki kabisa.

Kwa hiyo swali la kwanza baada ya kuprinti ni "zimetokaje?" na kama kuna tatizo linalotoka kwako unalimaliza bila kutaja hela. Kwa yule mama nyekundu ilikuwa imepoa kidogo, dogo akarekebisha akatuma faili jipya, printi ya pili ikatoka vizuri. Ndio tukakaa tukaandika meseji:

"Shikamoo mama. Nimeiona picha ya makopo uliyonitumia, yamependeza mno. Nashukuru kwa kuniamini ukatoa advansi kabla hujaona chochote, na kwa jinsi ulivyokuwa unanijibu haraka kila nikikuuliza kitu, ndiyo maana kazi haikuchelewa. Kuna kitu niliona kwenye zile picha zako za mwanzo: una vipakti vya gramu 50. Hii lebo ya kopo usikubali waipunguze tu ibandikwe pale, maandishi ya viambato na tarehe ya kuisha hayatasomeka. Yatahitaji kupangwa upya. Siku ukifikia kuvifanyia lebo nishtue tu mama, rangi na vipimo vyote ninavyo, hatutaanza mwanzo. Biashara njema."

Angalia asante yenyewe kwanza. Haisemi asante kwa kuwa mteja, inamshukuru kwa vitu viwili alivyovifanya yeye mwenyewe, advansi na kujibu haraka. Wengine wanapenda kuandika "wewe ndiye mteja wangu wa kwanza" na mimi siioni kama kosa ikiwa mtu huyo anajua tangu mwanzo, wafanyabiashara wetu wana heshima yao kwa mtu anayewafungulia biashara. Ila kama ni mtu baki asiyejua, sioni haja, maana unaweza kumwachia wasiwasi kuhusu faili alilolipia. Mshukuru kwa alichofanya, hiyo inatosha na ni kweli kwa kila mteja.

Sasa ile habari ya vipakti. Lebo ya kopo ina sentimita 20 kwa 7, inazunguka kopo zima. Pakti ya gramu 50 upande wake wa mbele una upana wa sentimita 10. Mtu wa kuprinti akiambiwa "bandika hii hii" ataipunguza nusu ili ienee, na maandishi ya viambato yaliyokuwa saizi 6 yanabaki saizi 3, hapo hata kijana mwenye macho mazima anasoma kwa tabu. Na yale maandishi madogo sio urembo. Jina la bidhaa, viambato, uzito, nani katengeneza, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha, hayo ndiyo yanayoangaliwa kwenye chakula kilichofungashwa, TBS wanayaangalia na hata mwenye duka makini atayatafuta kabla hajaweka mzigo kwenye shelfu. Kwa hiyo mama akiisoma meseji anapata kitu cha kweli, kwamba asiipunguze ile lebo. Akienda kwa mtu mwingine bado imemsaidia. Na dogo bila kujisifu hata neno moja ameonyesha kwamba alikuwa anaangalia biashara yake, sio lebo tu.

Kitu kingine, meseji haina swali, na hiyo tuliifanya makusudi. Ukimaliza na "je, tuanze lini?" unamlazimisha achague kati ya kukubali kitu ambacho hajakipangia hela na kukukatalia, na watu wetu hawapendi kumkatalia mtu aliyewafanyia vizuri, wataamua kukaa kimya, na kimya kile kikishaingia ni vigumu hata kukusalimia tena. Bila swali anaweza kujibu "asante mwanangu" na mambo yakabaki mazuri.

Iandike pia, usitume voisi. Voisi ya dakika mbili ataisikiliza mara moja akiwa anakaanga binzari halafu basi, ila maandishi akitafuta neno "lebo" kwenye chati yenu miezi mitatu baadaye yanatokea, tena yako palepale faili zilipo.

Yule mama alijibu "Amina mwanangu, Mungu akubariki." Dogo akataka kujibu na bei hapohapo, nikamwambia aache. Jibu kama hilo ni la baraka, limefunga mazungumzo vizuri, ukiongeza neno la hela pale unaliharibu. Tiki za bluu bila jibu pia sio ubaya, zinamaanisha amesoma. Anayekuwa tayari utamjua kwa swali lake, atauliza kitu cha kushikika: "hiyo ya pakti inakuwaje?", "inachukua siku ngapi?" Hapo ndipo bei inaingia.

Asipouliza, mimi nakubali kumkumbusha mara moja tu, na iwe kwa sababu ya msimu wake, sio shida zako. Kwa muuza viungo vya pilau msimu unajulikana, ni Ramadhani na Idi. Mwandikie kama mwezi na nusu kabla, ili dizaini, marekebisho na kuprinti viwahi, "mama Ramadhani inakaribia, kama vile vipakti unavitaka na lebo muda mzuri ni sasa." Baada ya hapo acha kabisa. Kuna wateja kazi yao ni moja tu, ana kopo moja na hana mpango wa kingine, na kumsumbua kila mwezi kutakuharibia jina kwa majirani zake ambao pengine ndio wangekuja. Hilo la kuomba akuunganishe na wenzake nalo lisubiri siku yake, akikusifia mwenyewe ndipo useme.

Mama alirudi kabla hata msimu haujafika, akauliza ya pakti bei gani. Dogo alimwambia 50,000, na akaeleza kwa nini sio 120,000: nembo ipo, rangi zipo, maandishi yapo, kinachofanyika ni kupanga upya kwenye kipimo kipya. Hiyo siiiti ofa, ni bei ya kazi ndogo, na sababu yake ameielewa mwenyewe, kwa hiyo siku akileta bidhaa mpya kabisa hatashangaa kuona bei imerudi 120,000. Advansi ilibaki nusu kama mwanzo, akatuma 25,000 na picha ya pakti pembeni ya rula.