Barua ya Kiingereza ianze na shida yenyewe

Mimi nina steshenari ndogo, nachapa barua za watu na nyingine natafsiri kwenda Kiingereza, na kuna kitu nimekishikilia hata mteja akinuna: ile aya ya kwanza ya "awali ya yote" siitafsiri. Naitoa yote, naweka mwanzo mfupi wa kibiashara kama Waingereza wenyewe wanavyoandikiana.

Nilianza msimamo huu kwa sababu ya kamati moja ya maji ya kijiji. Walinunua pampu ya sola kwa kampuni ya nje mwezi Machi 2022, waranti miaka 2, kontrola ikafa Desemba 2023, yani imebaki miezi mitatu tu. Barua yao ilianza hivi: "Rejea kichwa cha habari hapo juu. Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uzima, ni matumaini yetu nanyi hamjambo na mnaendelea vema na ujenzi wa taifa. Sisi huku ni wazima wa afya. Dhumuni kubwa la barua hii ni..." Kuna mtu aliwatafsiria neno kwa neno wakaituma kwa imeili. Wiki mbili baadaye jibu linarudi linauliza, mnahitaji nini na ni bidhaa gani? Ndo wakaja kwangu.

Nikaisoma ile tafsiri. "Rejea" kwa Kiswahili cha ofisini tumeshaizoea, hakuna anayeisikia kama amri, lakini ukiipeleka Kiingereza kavukavu inakuwa unamwagiza mtu akasome juu, na hujamsalimia bado. Ujenzi wa taifa, taifa lipi sasa, yule yuko nchi nyingine. Halafu "tunaomba" ilikuwa imetafsiriwa kwa neno la mtu anayeombaomba barabarani, wakati hawa wanadai haki yao ya waranti! Hiyo iliniuma kweli.

Tena mtu wa ofisi anafungulia imeili kwenye simu, anachokiona kabla hajabonyeza ni kichwa na maneno machache ya mwanzo. Kama hayo maneno ni salamu tupu, hajui hata aipeleke kwa nani.

Kwenye kichwa nikaandika Warranty claim: solar pump controller, na mwanzo ukawa huu:

```
Dear Sir or Madam,

We are writing to request a replacement controller
for the solar pump we bought from you in March 2022.
It is still under warranty.
```

Basi. Tunataka nini, cha kifaa gani, tulinunua lini, na kwa nini ni jukumu lao. Aya ya pili ndo maelezo: ilizima tarehe gani, fundi kapima akakuta umeme wa paneli unafika ila kontrola haiwaki kabisa, namba ya mashine hii hapa. Heshima nayo haijapotea, imehamia mwishoni kwenye We would be grateful if you could, hapo ndipo Kiingereza kinapoweka taadhima yake, kwenye ombi lenyewe. Na kwa kuwa hatukuwa na jina la mtu tukafunga na Yours faithfully, tungekuwa na jina ingekuwa Yours sincerely.

Ila sikati kila kitu kinachofanana na salamu. Najiuliza, hii sentensi inaweza kwenda kwa mtu yeyote? Kama ndiyo, inatoka. Lakini "tumepokea barua yenu ya tarehe 3" inabaki, tena inakaa juu kabisa kwa sababu inamwambia atafute faili gani. Pole ya msiba kama mnajua kafiwa, inabaki. Shukrani kwa fundi wao aliyekuja kufunga pampu, inabaki.

Na hii ni kwa barua ya Kiingereza. Ukimwandikia mtendaji wa kijiji kwa Kiswahili ukaingia na shida moja kwa moja utaonekana umekasirika, huko nashauri mstari mmoja tu, "baada ya salamu, nakuarifu kwamba...", ni ufunguzi wa barua zetu wa siku nyingi na unakufikisha kwenye jambo haraka. Kutafsiri ule wa Kiingereza kuwa "ninaandika barua hii ili kuomba" hakuna faida, "naomba" peke yake inatosha.

Katibu wa kamati, mzee wa makamo, hakufurahi. Akaniambia, "Mwanangu, umetutolea salamu zetu, watatuonaje hawa?" Nikamwelewa kabisa, kwake barua bila salamu ni kama kuingia nyumba ya mtu bila hodi. Nikaongeza mstari mmoja chini kabisa kwamba kamati nzima inawasalimu. Akausoma, akasaini. Siku ya nne wakajibu wakiomba picha ya risiti na ya kibandiko cha namba ya mashine, na chini wakaandika wanaisalimu kamati.