Jinsi ya kuchagua jina la kitabu ambalo msomaji atalipata Google

Waandishi wetu wa vitabu vya maarifa wana ugonjwa wa kuyapenda majina ya fumbo. Kitabu ni cha kilimo, ufugaji au biashara ndogo, lakini jalada linasomeka kama diwani ya mashairi. Kwenye riwaya sina neno, maana fumbo ni sehemu ya utamu wake. Lakini mtu aliyeamka akakuta vifaranga watano wamekufa hatafuti fumbo. Anashika simu na kuandika shida yake kama ilivyo, na maneno hayo hayo ndiyo yanayopaswa kukaa kwenye kichwa kikuu cha kitabu. Faida atakayoipata ikae kwenye kichwa kidogo, ule mstari wa chini yake.

Bwana mifugo mmoja mstaafu alinipa muswada wake niupitie. Alikuwa ameuita "Dhahabu Yenye Manyoya". Nikamwuliza, "Mzee, mfugaji wa Singida asiyekujua atakipataje hiki?" Akajibu kwamba jina linavutia. Ni kweli linavutia, ila kwa aliyekwisha kukishika kitabu mkononi. Halina neno kuku, halina kufuga, wala halisemi msomaji atatoka na nini. Mbaya zaidi, anayetafuta dhahabu mtandaoni anataka bei ya gramu.

Tulianza na kisanduku cha kutafutia cha Google. Fungua dirisha la faragha kwanza, ili historia ya simu yako isiyapotoshe majibu, kisha andika maneno ya kwanza ya mada bila kubofya kutafuta. Ukiandika "ufugaji wa kuku", yanashuka mapendekezo: wa kienyeji, wa nyama, wa mayai, chotara, na karibu kila mara lile neno "pdf". Ongeza herufi moja moja mbele yake uone yanavyobadilika, halafu rudia kwa "kufuga kuku", "jinsi ya kufuga kuku" na "vifaranga". Yanayoshuka ni maneno ambayo watu wamekuwa wakiyaandika kwa vidole vyao, pamoja na makosa yao ya tahajia. Google Trends, ukurasa wa Google unaoonyesha neno linavyotafutwa, nayo inasaidia kulinganisha maneno mawili ukichagua Tanzania au Kenya, mradi ukumbuke kwamba mizani yake ya 0 hadi 100 ni ulinganisho tu, haikuambii ni watu wangapi. Kwa maneno finyu ya Kiswahili mara nyingi itakuambia data haitoshi. Hapo usikate tamaa na neno lako, rudi kwenye mapendekezo.

Mzee alipoona mapendekezo yale alitaka kukimbilia "Ufugaji wa Kuku wa Kienyeji". Nilimkatalia. Andika maneno hayo uone yanayokuja: miongozo ya bure ya serikali na mashirika, video za YouTube, makala za blogu na mafaili ya PDF yasiyo na mwenyewe. Kitabu kipya cha kulipia kitazama humo. Tena, theluthi mbili za muswada wake zilihusu wiki nane za mwanzo za kifaranga: joto la kitalu, chakula, maji na ratiba ya chanjo. Humo ndimo ujuzi wake ulimokuwa, na ndimo wafugaji wengi wanamopoteza kuku. Kwa hiyo tukabana mada ilingane na kitabu chenyewe. Naamini mwandishi akishindwa kubana jina, mara nyingi ni kwa sababu hajaamua kitabu chake kinamhusu nani.

Ikabaki ahadi. Pendekezo la kwanza la mzee lilikuwa "Siri za Kufuga Vifaranga Bila Kifo Hata Kimoja". Nikamkumbusha kwamba yeye mwenyewe ameandika kwenye sura ya chanjo kuwa chanjo ya kideri, ile ya tone la jicho, hurudiwa kila miezi mitatu, na kwamba kuku aliyekwisha kuambukizwa haponi kwa kuchanjwa. Atawezaje kuahidi vifo sifuri juu ya jalada? Msomaji akipoteza vifaranga wawili tu, ahadi imevunjika, naye atasema hivyo kwenye maoni chini ya kitabu, mahali ambapo mnunuzi wa pili ataanzia kusoma. Neno "siri" nalo nililifuta. Hakuna anayeliandika akitafuta dawa ya kuhara kwa vifaranga.

Tukafika hapa: "Kulea Vifaranga wa Kuku wa Kienyeji: Jinsi ya Kupunguza Vifo Wiki 8 za Kwanza kwa Joto, Lishe na Chanjo". Tazama kila neno linavyofanya kazi. Maneno ya kutafutwa yako mwanzoni kabisa, kwa kuwa kwenye matokeo ya Google na kwenye skrini ya simu mstari mrefu hukatwa mkia, na kinachobaki ni kichwa. "Kupunguza" ni ahadi ambayo kitabu kinaweza kuitimiza. "Wiki 8" inampa msomaji mpaka, ajue kuku wa miezi sita hawamo. "Joto, lishe na chanjo" ni sura za kitabu, na papo hapo ni maneno yanayotafutwa. Yote kwa pamoja ni kama herufi 100. Amazon KDP, huduma ya Amazon ya kujichapishia vitabu, inaruhusu kichwa kikuu na kidogo kwa jumla visizidi herufi 200, lakini ruhusa hiyo isikushawishi kujaza kila neno unalolijua. Jina lililorundikwa "kuku, mayai, kuku wa nyama, kuku biashara" linanuka utapeli, na KDP yenyewe inakataza kurudiarudia maneno ya jumla ndani ya jina, au kujipachika sifa ya kuuzwa kuliko vyote.

Kuna jambo la Kiswahili ambalo miongozo ya Kiingereza haitakuambia. Vitenzi na nomino zetu hubadilika mwanzoni: kufuga, ufugaji, mfugaji, anafuga. Google hujitahidi kuyaunganisha, lakini injini za kutafutia za maduka madogo ya vitabu mara nyingi hulinganisha herufi kwa herufi, na kwao kufuga na ufugaji ni watu wasiojuana. Ukiweka umbo moja kwenye jina, lingine liweke kwenye maelezo ya kitabu au kwenye visanduku vya maneno ya kutafutia. KDP inatoa saba. Fanya hivyo pia kwa majina yanayotofautiana mahali na mahali: kideri na mdondo ni ugonjwa mmoja, na wasomaji wako wamegawanyika. Na kama unaandika juu ya ng'ombe, ole wako. Wapo wanaoandika ngombe bila alama, na programu ya kuandikia hupenda kuigeuza alama hiyo ikawa ya kupinda. Kwenye fomu ya duka tumia ile iliyonyooka, na "ngombe" uliweke kwenye maneno ya kutafutia, lisionekane juu ya jalada.

Kabla ya kufunga kazi, andika jina zima ndani ya alama za kunukuu kwenye Google uone kama lipo tayari. Kisha mpigie mtu simu, mtamkie mara moja, mwambie alitafute. Akikwama kuandika, watakaolisikia redioni nao watakwama.

Haya yote yafanyike kabla ya kuomba ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, kwa Tanzania kutoka Bodi ya Huduma za Maktaba. Ukibadilisha kichwa kikuu au kidogo baada ya hapo, kitabu kinahitaji ISBN mpya. Jalada, ukurasa wa jina na fomu ya duka navyo vibebe maneno yale yale, nukta kwa nukta. Na kama kitabu unakiuza kwa WhatsApp peke yake, tafuta japo ukurasa mmoja wa wazi mtandaoni wenye jina hilo, maana Google haiingii kwenye magrupu yenu.