Gunia 80 au gunia 84? Viwango viwili vya unga katika bulanjeri moja

"Ndugu mhasibu, kiwango cha unga tuweke kile cha mkate usiopoteza hata gramu moja, ao kile tunachofikia kweli? Ripoti inasema kila wiki tumepoteza, na waokaji wamechoka kuisikia." Swali hilo ni la mama mwenye bulanjeri pale Katuba, Lubumbashi.

Tuchukue mkate mmoja mkubwa. Kama hakuna unga unaomwagika, hakuna donge linalobaki kwenye mashine na hakuna mkate unaoharibika, unahitaji gramu 400 za unga. Hicho ni kiwango kamilifu. Mama alipopima kwa mizani siku kadhaa alipata nyongeza ya gramu 20: gramu 8 hubaki kwenye mashine ya kukandia, 7 hubaki mezani na sakafuni, na 5 ni sehemu ya mikate inayoharibika umeme unapokatika tanuri likiwa limejaa. Kiwango kinachofikika ni gramu 420.

Kwa mikate 10,000 kwa wiki, kiwango cha kwanza kinadai kilo 4,000, yaani gunia 80 za kilo 50. Cha pili kinadai gunia 84. Tuseme unga ni dola 0.80 kwa kilo. Bei hiyo naishikilia hivyo hivyo katika hesabu zote, ili bei ikipanda kwa sababu ya ucheleweshaji pale mpakani Kasumbalesa isichanganyike na kazi ya waokaji. Kupanda huko kuna mstari wake katika ripoti.

Wiki ya kwanza walitumia kilo 4,300. Ukisoma kwa kiwango kamilifu, kilo 300 zimezidi: tofauti mbaya ya dola 240. Kwa kiwango kinachofikika, zilizozidi ni kilo 100, dola 80. Unga ni ule ule. Ila katika zile dola 240, dola 160 zilijulikana kabla ya mtu yeyote kuwasha tanuri, na msimamizi anayeulizwa kuhusu zote hana cha kujibu. Ninaona hapa ndipo kiwango kamilifu kinapoumiza. Kila mstari ukiwa mbaya kila wiki, watu huacha kusoma ripoti, na zile kilo 100 zenye kuhitaji kweli kutafutwa zinapita humo humo bila kuonekana.

Kinaumiza ununuzi vilevile: anayeagiza gunia 80 atakwama kabla wiki haijaisha. Na katika kuthamini bidhaa zilizobaki ghalani, IAS 2, kanuni ya kimataifa ya uhasibu wa bidhaa za ghalani, inataka gharama sanifu, yaani ile iliyopangwa mapema, ifuate viwango vya kawaida vya matumizi na ufanisi. Kiwango kisichofikiwa kamwe hakikidhi hilo.

Kwa hiyo mtu angesema gramu 420 zimeshinda. Tusome kwanza wiki ya pili. Mikate ni 10,000 tena, unga kilo 4,150. Kiwango kinachofikika kinatoa tofauti nzuri ya kilo 50, dola 40, na mama alitaka kuwapa waokaji zawadi. Nikamuuliza: umeme ulikatika mara ngapi? Hata mara moja. Zile gramu 5 za kila mkate, mara 10,000, ni kilo 50 kamili. Yaani mashine na meza vilipoteza kilo 150 kama kawaida, na waokaji hawakubadilisha chochote katika kazi yao. Kiwango kinachofikika kilikuwa kimeweka ndani yake hasara ya umeme, na hasara hiyo ilipokosekana kikaiita ufanisi.

Hatari yake ya pili ni ya polepole. Waokaji wakiulizwa peke yao, gramu 20 zinakuwa 25, kesho 30, na tofauti zinakuwa nzuri daima. Dalili ni tofauti nzuri wiki baada ya wiki bila mashine mpya wala njia mpya ya kazi. Hapo rudi kwenye mizani, upime siku moja nzima bila kutangaza.

Mimi namshauri atumie gramu 420 kwa kuagiza unga na kwa ripoti ya kila wiki, lakini asiziandike kama namba moja. Aandike 400, halafu 8, 7 na 5, kila moja na sababu yake. Zile 5 zisiwe za kudumu: zihesabiwe kwa mikupuo iliyoharibika kweli wiki hiyo, na ziwe mstari wa mama mwenyewe, kwa sababu mwokaji hana uwezo juu ya umeme. Wiki ya pili ingesomeka hivi: kiwango gramu 415, matumizi gramu 415, tofauti sifuri.

Na gramu 400 zisitupwe. Ndizo zinazoonyesha kwamba kukatika kwa umeme kunamgharimu dola 40 za unga kwa wiki ya kawaida, kabla ya kuhesabu wateja waliorudi mikono mitupu. Mama anafikiria kununua jenereta. Namba ya kuanzia kuilinganisha na bei ya mafuta ni hiyo, na ndani ya 420 isiyogawanywa asingeiona.