Picha ya apu siyo orodha ya kazi jamani

Juzi nimekaa kwenye duka la dada mmoja hapa Moshi, anakodisha mabuti na slipingi begi za wanaopanda Kilimanjaro, kanionyesha apu yake mpya na mteja wake kanasa humo humo ndani. Alikosea namba ya simu, skrini inayofuata inamdai namba ya uthibitisho iliyoenda kwa mtu mwingine, na hakuna pa kurudi! Mteja akaondoka zake. Roho iliniuma kwelikweli.

Developa alipewa picha tu ya mchoro wa skrini za apu, imepigwa kwa simu ubaoni ikatumwa wasapu. Maboksi 7, kila boksi skrini moja, mishale 6, yote inaenda mbele. Akajenga alichokiona.

Mimi nasema hivi, usiorodheshe batani, orodhesha njia. Batani moja ina njia mbili tatu na mchoraji karibu siku zote anachora ile ya mambo kwenda sawa. Tulikaa na ile picha, nikampa kila boksi namba, S1 mpaka S7, halafu kila kinachobonyezwa nikauliza kikikubali kinaenda wapi, kikikataa kinaenda wapi, mtu akitaka kurudi je. Skrini yake ya simu ikatoka hivi:

```
S4 Namba ya simu
  kujaza: simu | lazima | tarakimu 10
  "Tuma" -> S5  (namba kamili)
  "Tuma" -> S4  (namba pungufu, onyesha kosa) ?
  "Tuma" -> S4  (mtandao umekata) ?
  kurudi -> S3  ?
```

Hiyo alama ya kuuliza ndo roho ya kazi. Maana yake kwenye picha hakipo, nimekisia, muulize mwenye apu. Ukiifuta, dhana yako inageuka agizo, developa hawezi kujua kipi kilichorwa na kipi umekitunga wewe usiku. Tulipomaliza tulikuwa na njia 16, na 10 kati yake zina alama ya kuuliza. Dada mwenyewe alizijibu zote kabla chai haijapoa.

Kuhakiki, pita skrini moja moja. Ambayo hakuna njia inayoingia ni yatima, mtumiaji hataiona kamwe. Ambayo hakuna inayotoka, au ipo ila mtu hawezi kuipita, ni mtego, kama ile S5 iliyomnasa mteja, maana njia yake pekee ilidai namba ambayo hana.

Boksi tupu ndani ya skrini nalo linachanganya, laweza kuwa batani au sehemu ya kujaza, uliza. Boksi lenye msalaba kwa kawaida ni nafasi ya picha. Na wasapu inaminya picha, maandishi madogo yanafifia, itume kama dokumenti.

Haya, apu ya skrini 2 mnaweza kuelewana kwa mdomo, hilo nakubali kwa shingo upande. Ila ikishakuwa na malipo, hapana. Wiki hii developa anaongeza "Badili namba" pale S5, na nimemwambia dada anipigie siku ikiwa tayari nije nikosee namba makusudi.